KATIBA YA KIKUNDI CHA KUWEKA NA KUKOPA TUINUANE
Mwaloni Kirumba, Manispaa ya Ilemela, Mwanza

Utangulizi

Sisi wachuuzi wa dagaa na samaki wakavu wa Mwaloni Kirumba, wanawake 22 na wanaume 5, tumekuwa tukiweka na kukopeshana kwa maelewano ya mdomo kwa mizunguko mitatu. Mwenzetu mmoja alipofariki, daftari lake lilikuwa na mihuri 94, yaani shilingi 470,000, lakini hakuna mahali alipoandika nani apewe. Fedha ile ilikaa sandukuni miezi saba huku mume na mama mzazi wakivutana, na sisi tukashindwa hata kuwatazama usoni. Hatutaki jambo hilo lirudi. Ndiyo maana tunaandika katiba hii, na tutaiambatisha kwenye maombi ya usajili wa kikundi katika Halmashauri yetu, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Ibara ya 1: Uanachama

1.1 Mwanachama awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe anafanya biashara mwaloni au anaishi Kata ya Kirumba, na ajulikane kwa wanachama wawili watakaosimama mbele ya mkutano kumsemea. Kikundi hakitazidi watu 30, kwa sababu zaidi ya hapo kuhesabu fedha mbele ya wote kunamaliza jioni nzima.

1.2 Wapya wanaingia mwanzo wa mzunguko tu. Kiingilio ni shilingi 10,000 na hakirudishwi.

1.3 Hakuna atakayepewa daftari la hisa kabla ya kutaja mrithi wake. Jina la mrithi, uhusiano na namba yake ya simu vinaandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari na katika kitabu cha katibu. Mwanachama anaweza kubadili mrithi wakati wowote, ila abadili mwenyewe, mkutanoni.

1.4 Mume, mke au ndugu wa mwanachama haruhusiwi kununua hisa, kukopa wala kuuliza salio kwa niaba yake. Salio la mtu ni siri ya mtu na kikundi chake.

Ibara ya 2: Uongozi na sanduku

2.1 Viongozi ni mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Wanachaguliwa kwa kura ya siri kila mwanzo wa mzunguko, na hakuna atakayeshika nafasi moja zaidi ya mizunguko miwili mfululizo.

2.2 Sanduku lina makufuli matatu. Funguo zinakaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, wasioishi nyumba moja. Sanduku halifunguliwi nje ya mkutano kwa sababu yoyote, hata ya msiba. Kukiwa na dharura, mkutano unaitwa.

2.3 Fedha zinahesabiwa kwa sauti juu ya mkeka, noti moja moja, na kiasi kilichofungiwa sandukuni kinatamkwa na wanachama wote kabla ya kutawanyika. Mkutano unaofuata unaanza kwa kukumbushana kiasi hicho. Kisipolingana, shughuli nyingine zote zinasimama.

Ibara ya 3: Michango

3.1 Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Hisa moja ni shilingi 5,000. Mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5 kwa mkutano, na kila hisa inapigwa mhuri katika daftari lake, yeye akiona. Nafasi zisizojazwa zinapigwa mstari palepale.

3.2 Kila mmoja anachangia pia shilingi 1,000 ya mfuko wa jamii kila mkutano. Mfuko huu ni wa kusaidia, si wa kukopesha: msiba wa mwanachama, mwenza, mtoto au mzazi, shilingi 150,000, kulazwa hospitali, shilingi 50,000.

3.3 Kila anayefanya kazi mwaloni anajua kwamba dagaa ni wa siku za giza. Mbalamwezi ikishapevuka mitumbwi inarudi mitupu, na kumdai mchuuzi hisa wiki hiyo ni kumtuma akakope kwingine aje alipe hapa. Kwa hiyo, katika mkutano mmoja wa kila mwezi unaoangukia mbalamwezi, mwanachama anaweza asinunue hisa bila faini. Mfuko wa jamii analipa, na mkutanoni anafika.

3.4 Aliyesafiri kufuata mzigo visiwani atume fedha kwa mkono wa mwanachama mwenzake. Ni marufuku kutuma mchango kwenye simu ya kiongozi.

3.5 Kuchelewa, faini shilingi 500. Kutofika bila taarifa, shilingi 1,000.

Ibara ya 4: Mikopo

Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, akiwa na wadhamini wawili, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Ada ni shilingi 5 kwa kila 100 ya deni lililobaki, kila mwezi. Mwenye mkopo hapewi mwingine, na mikopo yote iwe imerudi wiki nne kabla ya mgao wa mwisho wa mzunguko.

Ibara ya 5: Kutoka katika kikundi

5.1 Anayetaka kuondoka katikati ya mzunguko atoe taarifa mkutanoni wiki nne kabla. Atarudishiwa hisa zake kwa bei aliyonunulia, baada ya kukata deni. Faida hatapata, kwa kuwa imetokana na fedha za waliobaki kuzizungusha.

5.2 Anayeondoka kwa ugonjwa au kuhama mkoa hahesabiwi kama aliyejitoa. Hisa zake zinabaki, na siku ya mgao anapata faida sawasawa na wengine.

5.3 Mwanachama akifariki, kikundi kinamlipa mrithi aliyeandikwa hisa zote pamoja na faida ya hadi siku hiyo, ndani ya siku 30, mbele ya wanachama wawili na mjumbe mmoja wa familia. Deni likibaki, linakatwa kwenye hisa. Likizidi hisa, linasamehewa. Hatutakwenda kudai matangani.

5.4 Mwanachama anafukuzwa kwa wizi, kughushi mihuri, au kukaa na deni miezi mitatu baada ya muda wake bila kueleza. Uamuzi ni wa theluthi mbili ya waliohudhuria, baada ya kumsikiliza. Hata huyo anarudishiwa kinachobaki baada ya kukata deni na hasara aliyosababisha.

Ibara ya 6: Kutatua migogoro

6.1 Wenye ugomvi waanze kuzungumza wao wawili, na mwenyekiti akiwepo, ndani ya siku saba. Ugomvi ukimhusu mwenyekiti, katibu anashika nafasi yake.

6.2 Wasipoelewana, shauri linakwenda kwa wasuluhishi watatu waliochaguliwa na mkutano, wasio viongozi wala wadhamini wa anayelalamikiwa. Ushahidi wa kwanza ni daftari la mwanachama. Likitofautiana na kitabu cha katibu, mihuri ya daftari ndiyo itakayoaminiwa, isipokuwa ikithibitika kughushiwa.

6.3 Asiyeridhika analeta shauri mkutano mkuu. Baada ya hapo tunamwomba Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atupatanishe, na mahakama ni ya mwisho. Wizi unapelekwa polisi moja kwa moja.

6.4 Ni marufuku kabisa kwenda kwa mdaiwa kubeba magunia, turubai, ndoo au kitu chochote cha nyumbani, au kumtangaza mwaloni. Kinachochukuliwa ni hisa zake, kisha wadhamini wanatimiza walichosaini.

Ibara ya 7: Kurekebisha katiba

Marekebisho yanafanyika kwa kura za theluthi mbili ya wanachama wote, na kamwe si katikati ya mgogoro unaohusu ibara inayorekebishwa.

Katiba hii imesomwa kwa sauti, ibara kwa ibara, na kupitishwa na wanachama wote 27 Jumamosi tarehe 10 Januari 2026. Walioweza wameweka saini, wengine dole gumba, katika kitabu cha katibu. Inaanza kutumika leo.