Ratiba ya wiki 8: Baiolojia, kurasa 1 hadi 208

Ratiba hii imetokana na picha ya skrini ya yaliyomo ya kitabu cha Baiolojia, pamoja na orodha ya kurasa iliyonakiliwa kutoka humo. Mtihani ni Jumatatu ya wiki ya 9.

Masahihisho mawili ya orodha hiyo kwanza. Sura ya 8 ilinakiliwa kuwa inaanza uk. 115, jambo lisilowezekana kwa kuwa Sura ya 7 inaanza 137. Ukikuza picha utaona ni 175. Mwisho wa sura hiyo haukuandikwa, ila Majibu yanaanza 209, basi inaishia 208. Anayesoma kwa PDF aongeze 16 kwenye kila namba: kurasa za utangulizi zina namba za Kirumi, hivyo uk. 1 wa kitabu ni wa 17 kwenye faili.

Kusoma ni Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ni maswali ya mwisho wa sura, kitabu kikiwa kimefungwa. Jumamosi ni ya kulipa kurasa zilizobaki, na isipangiwe kitu kingine: bila siku hiyo, homa ya siku moja inavuruga wiki zote zinazofuata.

Wiki 1. Sura 1, Seli: 1–7, 8–14, 15–20, 21–26.

Wiki 2. Sura 2, Utando: 27–37, 38–48. Sura 3, Vimeng'enya: 49–56, 57–64. Kurasa 38 ni nyingi, lakini hapa michoro ni mikubwa na maelezo ni mepesi.

Wiki 3. Sura 4, Upumuaji wa seli: 65–71, 72–78, 79–84, 85–90. Usigeuze ukurasa wa 71 kabla ya kuweza kueleza kwa nini glaikolisisi inatoa ATP 4 lakini faida ni 2. Anayeruka hapo hukwama kwenye mzunguko wa Krebs, kisha hulaumu mzunguko.

Wiki 4. Sura 5, Usanisinuru: 91–96, 97–102, 103–107, 108–112. Kurasa 22 tu, kwa makusudi. Muda unaobaki chora mzunguko wa Calvin kutoka kichwani hadi utoke sawa.

Wiki 5. Sura 6, Mgawanyiko wa seli: 113–120, 121–128, 129–136. Alhamisi, mwanzo wa Sura 7: 137–146. Tumeikata Sura 7 kwa sababu kurasa zake 38 haziingii wiki moja pamoja na hesabu zake, na kuelewa meiosisi ndiko kunakofungua urithi. Visitenganishwe kwa siku nyingi.

Wiki 6. Sura 7, Urithi: 147–153, 154–160, 161–167, 168–174. Ijumaa, misalaba 10 ya kijenetiki kwa mkono, angalau mitatu ya sifa mbili (9:3:3:1).

Wiki 7. Sura 8, DNA na protini: 175–183, 184–192, 193–200, 201–208.

Wiki 8. Hakuna ukurasa mpya. Jumatatu na Jumanne, maswali uliyokosa katika Ijumaa saba zilizopita. Jumatano, Sura 4 na 5. Alhamisi, Sura 7. Ijumaa, mtihani wa majaribio kwa kupima muda, kisha sahihisha kwa uk. 209 na kuendelea.