Mazungumzo ya leo: kuilinda simu yako

Shikamooni wazee wetu. Shikeni simu mkononi, tutafanya pamoja.

Tuanze na viungo vya utapeli, maana hapo ndipo hela zinapopotea. Meseji inasema: "Hongera, umeshinda 500,000. Bonyeza hapa kabla ya saa sita." Haraka hiyo ndiyo mtego, wanataka ubonyeze kabla hujamuuliza mtu. Soma maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza wa anwani, yaani alama /, ukiacha ile ya https:// ikiwa ipo mwanzoni:

```
benki-yako.zawadi-bure.xyz/ingia
```

Jina la benki limetangulia, lakini mwenye ukurasa ni zawadi-bure.xyz. Usibonyeze. Kwa hapa Tanzania, itume meseji hiyo kwenda 15040, pamoja na namba iliyoituma. Ukiwa umeshabonyeza na kuandika namba ya siri, ibadilishe sasa hivi, kisha ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Kufunga skrini: ingia Settings, kisha Security au Lock screen, chagua PIN. Weka tarakimu sita. Mwaka wa kuzaliwa hapana, wajukuu wanaujua! Isifanane na ile ya pesa za simu. Halafu ingia Display, Screen timeout, weka sekunde 30. Ikiwa dakika 10, mwizi anaikuta wazi.

Masasisho huziba matundu ambayo wezi wameshayajua. Settings, Software update. Kwenye baadhi ya simu limo ndani ya System. Chaji ifike nusu, tumia WiFi kuokoa bando. Simu itajizima na kuwaka; msiichomoe betri. Sasisho likija kwa kiungo cha meseji, hilo ni la tapeli.

Haya, nani skrini yake imegoma?