Kuhusu mimi: mtafiti wa magonjwa ya mikorosho, Mtwara

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea mkoani Mtwara, na kazi yangu kubwa ni mkorosho. Nimezaliwa Newala, katika familia iliyosomesha watoto kwa korosho. Shahada yangu ya uzamivu niliipata Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Ninachochunguza zaidi ni ubwiriunga, ule unga mweupe unaoonekana kwenye maua na majani machanga. Unga huo ni kuvu, kiumbe hai. Hukaa juu ya ua, hupenyeza vijinyuzi visivyoonekana kwa macho, kisha hunyonya chakula cha ua. Ua hukauka na kuwa jeusi kabla halijashika korosho. Ukiinama chini ya mkorosho wenye matawi yaliyosongamana, mahali hewa haipiti, utauona umetanda kuliko upande unaopigwa na jua.

Ndiyo maana nasisitiza kupogolea na kupanda kwa nafasi. Salfa nayo inafaa sana, lakini hukinga tu. Ua lililokwisha kukauka halirudi. Ipulizwe mapema, maua yanapoanza kutoka, alfajiri upepo ukiwa umetulia.

Mashamba ya wakulima ndiyo maabara yangu ya kwanza. Nazungumza na vyama vya ushirika, shule na redio za huku kusini. Ukiwa na jani au ua lenye dalili usizozielewa, njoo nalo tulitazame pamoja kwenye hadubini.