Igizo la Zoezi: Uniti Zimeisha

Wahusika ni MWAJUMA na NEEMA, wanachuo wanaopanga pamoja Sinza, Dar es Salaam: vyumba viwili, sebule, mita moja ya LUKU. Mwajuma ana friji ndogo, anagandisha barafu za ubuyu za kuuza. Neema yuko fildi hotelini. Alfajiri anapiga pasi sare na kuoga maji ya hita. Igizo ni la zoezi la darasani la kutatua migogoro, lina mizunguko miwili. Wanaotazama waandike maneno na vitendo, wasiandike nani ana haki.

Mzunguko wa kwanza. Tarehe 9, saa mbili usiku. Giza.

(Mwajuma yuko mlangoni kwa Neema, tochi ya simu mkononi. Neema amejifunika shuka.)

MWAJUMA: Neema! Umelala, au unajilaza?

NEEMA: Nimechoka, Mwaju. Tutaongea kesho.

MWAJUMA: Kesho barafu zangu zitakuwa maji! Tarehe mbili nimeweka elfu kumi, ikaleta uniti ishirini na tatu na ushee. Leo sifuri. Hita yako hiyo inatumaliza.

(Neema anageukia ukutani.)

MWAJUMA: Nasema na wewe! Kuanzia leo hita marufuku humu ndani. Hutaki, tafuta pa kukaa.

NEEMA: Sawa.

MWAJUMA: Sawa nini?

NEEMA: Nimekosa mimi. Naweka elfu kumi, yaishe.

(Ananunua kwa simu, anatoka kuingiza tarakimu 20 za tokeni. Taa zinawaka. Mwajuma anaondoka kifua mbele. Saa sita usiku Neema ananyata sebuleni, anachomoa plagi ya friji, anarudi kulala.)

Kwa anayeigiza Neema: "sawa" ya kwanza itoke taratibu, bila kumtazama mtu. Darasa hupenda kumwita Neema mpole, na plagi inawaumbua. Katika mchoro wa Thomas na Kilmann wa 1974, unaoonyesha namna watu wanavyokabili mgogoro, anayekwepa hasimamii lake wala hajali la mwenzake. Anayekubali yaishe anaachia lake ili mwenzake apate. Neema anapita kote kuwili ndani ya dakika moja. Mwajuma anashindana mwanzo hadi mwisho, na kwa barafu zinazoyeyuka mtu anaweza kumwelewa. Ila ile "tafuta pa kukaa" haikuhusu umeme.

Mzunguko wa pili. Kesho yake jioni, sebuleni.

(Mwajuma anafunga ubuyu kwenye vifuko. Neema anaingia na sare yake, anavua viatu.)

NEEMA: Mwaju, nina neno. Nikae sasa, au umalize kwanza?

MWAJUMA: Kaa, mikono tu ndiyo ina kazi.

NEEMA: Friji jana usiku nilichomoa mimi.

MWAJUMA: (anaacha kufunga) Nilijua. Panya hachomoi plagi.

NEEMA: Nisamehe. Uliponiambia nitafute pa kukaa nilijiona mgeni humu, na kodi ya miezi sita tumelipa wote.

MWAJUMA: Neno lile lilinitoka vibaya, nisamehe na mimi. Ila ukigeukia ukuta, mwenzio napandisha sauti. Naona kama naongea na godoro.

NEEMA: (anacheka kidogo) Nikipigiwa kelele naganda. Niambie hata "nina hasira, nipe dakika kumi". Nitakuja.

MWAJUMA: Haya. Umeme tuweke nusu kwa nusu, elfu tano tano, tumalize.

NEEMA: Itaturudisha hapahapa. Hita na friji hatujui kipi kinakula nini. Halafu kuna kitu kimenishangaza: elfu kumi yangu imeleta uniti ishirini na nane. Yako ishirini na tatu. Nilidhani unapunguza hesabu.

MWAJUMA: Mimi? Ngoja. (anafungua ujumbe kwenye simu) Ona hapa, kodi ya jengo, elfu moja na mia tano. Inakatwa ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi. Kila mwezi naanza mimi!

NEEMA: Kumbe! Na jengo si letu. Tumwonyeshe mama mwenye nyumba huo ujumbe, aipunguze kwenye kodi yake.

MWAJUMA: Akikataa?

NEEMA: Tunaigawana, na kuanza tunapokezana. Mwezi ujao zamu yangu.

MWAJUMA: Na hita unaiacha muda gani?

NEEMA: Nikisahau, saa nzima.

MWAJUMA: Saa nzima kwa ndoo moja! Saa kumi na moja nawasha gesi, napika uji. Nikubandikie maji?

NEEMA: Nitashukuru. Basi mtungi ukiisha nachangia, maana mpaka sasa unajaza peke yako. Na tusome mita kila jioni, tuandike kwenye karatasi mlangoni pa friji. Siku ambayo hita haikuwashwa tutaiona.

(Neema anatoka kwenye mita, anaita kutoka nje.)

NEEMA: Ishirini na tano nukta moja!

MWAJUMA: Nimeandika. Na plagi je?

NEEMA: Plagi siigusi tena.