Msimamo wetu: mtoto wa darasa la kwanza aanze kufundishwa kwa lugha anayoielewa, hata kama sio Kiswahili

Walimu wenzangu, mratibu elimu kata, na wazazi mtakaokuwepo kwenye kikao cha Ijumaa. Mm nafundisha darasa la kwanza na la pili huku Simiyu, nimekaa na wenzangu watatu wa madarasa ya awali tukakubaliana niandike hii, msomeni kabla hatujakutana.

Nchi hii tukisikia "lugha ya kufundishia" akili inakimbilia Kiswahili na Kiingereza tu, tunabishana miaka na miaka kuhusu sekondari, kama vile kila mtoto wa Tanzania amezaliwa anaongea Kiswahili. Nchi ina makabila zaidi ya 120 jamani. Darasani kwangu nina watoto 94, Januari wale waliokuwa wanaongea Kiswahili cha kueleweka hawakufika 20, na wengi wao ni watoto wa watumishi na wa wenye maduka pale senta. Hawa wengine wameamka nyumbani wanasema mwangaluka, wamechunga mbuzi, wamecheza, wamegombana, vyote kwa Kisukuma. Kwao Kiswahili ni lugha ya pili, ila sisi tunawafundisha kama ya kwanza, hapo ndo tunapokosea.

Nitoe mfano mmoja. Mwezi wa pili nilichora ubaoni mbuzi watano nikauliza, wawili wakipotea wanabaki wangapi. Nikamsimamisha kijana mmoja, kimya, ameangalia miguu yake. Mwaka juzi ningeandika kwenye daftari langu "hajui kutoa". Safari hii nikamuuliza kwa Kisukuma, nikasema mbuli, hata sijamaliza sentensi kashajibu "idatu", alafu akaniangalia kama mtu anayeshangaa swali jepesi hivi linaulizwa na mtu mzima. Yule anarudisha mbuzi wa babu yake kila jioni na akipoteza mmoja anachapwa, kutoa anakujua kuliko mm. Alichokuwa hajui ni neno "wanabaki".

Kusoma ndo balaa zaidi. Mtoto anaunganisha ku-ku, anasoma vizuri kabisa, kuku, ukimuuliza kuku ni nini hajui, maana nyumbani ni ngoko. Tunampigia makofi tunasema anasoma wakati anatoa sauti tu. Akifika la tatu anapewa hadithi ya kurasa mbili na maswali ya ufahamu hapo ndo anaanguka, tunamlaumu mwalimu wa la tatu. Na lile la "lafiki" badala ya rafiki tuache kuwacheka, Kisukuma hakina hiyo r, mtoto anaandika anachosikia.

Sasa msinielewe vibaya, hakuna anayesema tuondoe Kiswahili. Tangu 1967 Kiswahili ndo lugha ya kufundishia shule za msingi na kimetuunganisha, mwenyewe nilisoma kwa hicho. Tunachosema ni kwamba ukishajua kusoma kwa lugha moja ujuzi ule unahama nao kwenda nyingine. Nigeria kule Ife walianza kujaribu 1970, watoto wakafundishwa kwa Kiyoruba miaka 6 yote ya msingi huku Kiingereza kikifundishwa kama somo, wakawapita wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka 3, hadi kwenye Kiingereza chenyewe. Unesko walishasema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Kenya hapo jirani mwongozo wao ni lugha ya eneo la shule mpaka gredi ya tatu, japo utekelezaji wao nao, mmh, wazazi wanataka Kiingereza tu.

Najua hoja itakayoletwa kwanza ni ukabila. Mtoto wa miaka 6 kuelezwa kutoa kwa Kisukuma hakumfanyi achukie Wachaga. Hoja nzito ni ya mwalimu aliyepangiwa huku katokea Kilimanjaro au Mtwara, Kisukuma hajui hata salamu, na vitabu vya Kisukuma vya darasa la kwanza hatuna. Hiyo ni kweli kabisa na ndo maana hatuombi mtaala mpya, na hatusemi shule za mjini zenye watoto wa makabila kumi zifanye hivi.

Tunaomba haya tu. Darasa la kwanza lote na nusu ya la pili mwalimu aruhusiwe kueleza dhana mpya kwa Kisukuma kwanza, alafu ndo maneno ya Kiswahili, na mkaguzi akimkuta asimwandikie kosa. Kiswahili cha kuongea kipewe dakika 30 kila siku, nyimbo, vitendo, vitu vya kushika, kabla ya kitabu. Mwalimu asiyejua lugha apewe msaidizi kutoka kijijini, mama au kijana aliyemaliza fomu foo, kamati ya shule itafute posho. Na kile kibao cha "nimeongea kilugha" anachovishwa mtoto shingoni, kwenye shule yoyote ya kata hii ambayo bado inacho, kichomwe Ijumaa hiyo hiyo.