Kanuni za timu yetu ya netiboli, wasichana wa miaka 12 hadi 15

Kufunga. GS na GA pekee ndio wanaoruhusiwa kufunga, kwa hiyo sifa zote huwaendea wao na wivu huanzia hapo. Bao likiingia, mfungaji amnyooshee mkono aliyempa pasi na kumtaja jina kwa sauti. Kila Alhamisi mazoezini, tunabadilishana vizibao kwa dakika 15. GS aliyevaa C, akakimbia huku na huko bila ruhusa ya kufunga, hupunguza kulalamikia pasi.

Aliyekosa. Usigune, usishike kiuno, usimtazame kocha. Aliye karibu naye aseme "Tulia, linalofuata," basi. Maneno mengi humwongezea presha, na mpira haushikwi zaidi ya sekunde 3.

Benchi. Wa akiba wanahesabu mipira iliyonaswa na wenzao na kuisoma kwa majina wakati wa mapumziko. Anayetoka humpa anayeingia taarifa moja: "GD wao anaruka mapema." Kuvua kizibao na kukitupa chini ni kosa.

Tukifungwa. Tunawapa mikono wapinzani wote, kisha waamuzi. Kwa dakika 10 hakuna anayetaja kosa la mwenzake. Kunywa maji kwanza. Halafu kila mmoja ataje jambo moja ambalo wapinzani walituzidi. "Mwamuzi" si jibu.

Tukishinda, nyimbo za kejeli marufuku. Za furaha, imbeni hadi kwenye daladala.

Ukivunja kanuni: mara ya kwanza unakusanya mipira, ya pili unaanzia benchi. Nahodha pia.