Kuomba radhi kwa kutohudhuria usaili na kuomba kupangiwa siku nyingine

Mbagala,
Dar es Salaam.
12 Februari 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Barabara ya Nyerere,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: USAILI WA NAFASI YA MTUNZA GHALA LA DAWA, JUMANNE TAREHE 10 FEBRUARI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa waombaji mliowaita kwenye usaili wa nafasi hiyo, na ndiye ambaye hakufika, hakupiga simu wala hakutuma ujumbe wowote wa kueleza kilichompata. Naandika kukuomba radhi wewe pamoja na wajumbe wa jopo, mliotenga muda wenu mkanisubiri bure, na kuomba kwamba, endapo usaili haujafungwa, mnipangie siku nyingine.

Kosa ni langu mwenyewe. Barua pepe yenu ya tarehe 28 Januari ilisema wazi kwamba usaili ni 9:00 AM. Nilipoisoma nilikuwa nimesimama ndani ya daladala, nikaigeuza kichwani kuwa saa tatu asubuhi, kisha nikaiingiza kwenye kalenda ya simu kama 3:00 bila kuangalia kwamba simu yenyewe ilikuwa imeweka PM. Wiki mbili kasoro siku moja baadaye nilikuwa naitegemea kalenda na si barua yenu, na Jumatatu usiku nilipoichungulia nikaona 3:00 PM, yaani saa tisa alasiri, nikalala bila wasiwasi. Jumanne asubuhi, wakati mnanisubiri, nilikuwa nyumbani napiga pasi nguo za usaili, simu ikiwa chumba cha pili kwenye chaji, sauti imezimwa. Nilipoishika saa tano nilikuta mmenipigia mara mbili. Nikafungua barua pepe, nikaisoma upya, nikaelewa.

Hapo likaanza kosa la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Nilipaswa kuwapigia dakika ileile, lakini niliona aibu, nikajiambia nitapiga nikishapata maneno ya kusema; siku ikaisha, na Jumatano nayo ikapita vivyo hivyo. Kosa la saa naweza kulieleza, ila ukimya wa siku mbili sina maelezo yake zaidi ya hiyo aibu, na sitashangaa kama huo ndio uliowakera kuliko kiti kilichobaki kitupu.

Nalisema hili nikiijua kazi ninayoiomba. Kwa miaka minne nimetunza stoo ya duka la jumla la dawa Kariakoo, ambako naandika joto la friji asubuhi na jioni ili lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8, napanga mzigo ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, na kila mwisho wa mwezi nalinganisha kadi za stoo na kilichopo rafuni. Mwaka jana umeme ulikatika usiku, nikafika asubuhi nikakuta friji inasoma nyuzi 11. Nilimpigia mfamasia msimamizi kabla sijagusa boksi hata moja, na dawa zote zilitengwa mpaka alipotoa uamuzi wake. Kwa dawa za watu nilipiga simu papo hapo. Kwa jambo langu mwenyewe nikajificha. Mkinipa nafasi ya kukaa mbele ya jopo, niko tayari kuulizwa hata juu ya hilo.

Ninachoomba ni kusailiwa siku na saa yoyote itakayowafaa ninyi, hata nikiwa wa mwisho kwenye orodha, au kwa simu iwapo si rahisi kulikusanya jopo tena kwa ajili ya mtu mmoja. Mwajiri wangu ameniruhusu kutoka kazini siku yoyote nitakayoitwa. Sitarajii kuwekwa mbele ya waombaji waliofika kwa wakati, na ikiwa nafasi imeshapata mtu, nitashukuru kuelezwa hivyo, na maombi yangu yabaki kwenye faili iwapo mtahitaji mtunza ghala mwingine baadaye.

Nimeambatisha upya wasifu wangu pamoja na barua ya mfamasia msimamizi, ambaye amekubali kupigiwa simu kuhusu utendaji wangu. Nitapiga simu ofisini kwenu Jumatatu tarehe 16 Februari, saa tatu kamili asubuhi, kuuliza kama barua hii imewafikia.

Wako mtiifu,

Neema Joseph
Mwombaji, nafasi ya Mtunza Ghala la Dawa